Namwandikia mwenye kiwanda aniruhusu kutumia video na nembo yake kwa matangazo ya Mombasa. Nimekosea wapi?

Pampu_MwembeTayari

Salaam aleikum wote. Nina duka la pampu za maji hapa Mwembe Tayari, mwaka wa tano sasa. Zinazonitoka zaidi ni zile za kuzama kisimani, za inchi nne, kutoka China. Mwezi uliopita niliingia kwenye ukurasa wa kiwanda nikachukua video yao moja nzuri sana, pampu yashushwa kisimani, maji yaruka, mpwa wangu akatia sauti ya Kiswahili juu na namba ya simu ya duka mwishoni. Tukalipia tangazo mtandaoni. Siku ya nne likatolewa, nikaambiwa mwenye hakimiliki amelalamika. Pesa iliyokwisha kuliwa haikurudi na ukurasa wetu umewekewa doa.

Sasa nataka kupita mlango wa mbele. Kituo kimoja cha televisheni cha hapa pwani kimenipa bei ninayoiweza kwa tangazo la sekunde 30, na nataka pia ubao mpya juu ya duka. Niliandika ujumbe huu kwenda kiwandani. Wenyewe ulikwenda kwa Kiingereza, hapa nauweka kwa lugha yetu tuelewane:

> Habari za kazi. Sisi ni wauzaji wakubwa wa pampu zenu Mombasa, Kenya. Tunazipenda sana bidhaa zenu. Tunaomba mtutumie video na picha zenu zote, na mturuhusu kutumia jina lenu kwa matangazo. Jambo hili litawafaa na nyinyi pia. Tunasubiri jibu la haraka.

Wiki mbili, kimya. Nikautuma tena WhatsApp kwa namba iliyo kwenye katoni. Alama mbili za buluu, kimya. Tatizo ni nini?

Mzee_wa_Feri

Ndugu yangu, wajisumbua bure. Mali umeinunua kwa pesa yako, jina limeandikwa juu ya mali. Mwenye kiosk anapochora soda ukutani aliandika barua kwa nani? Sema "tunauza pampu fulani", yakhe, maisha yaendelee. Mimi nauza mashine za boti Likoni mwaka wa kumi na mbili huu, sijaomba mtu ruhusa.

Bi_Karani

Mzee wa Feri, nusu ya maneno yako ni kweli, na nusu hiyo imewaponza wengi. Nilikaa miaka minane ofisi ya mawakili Nkrumah Road, na faili za alama za biashara ndizo zilikuwa mezani kwangu.

Kusema kwa maneno ya kawaida kwamba duka lako lauza pampu ya chapa fulani, na kweli waiuza, na kweli si ghushi, hilo kwa kawaida halimletei mtu balaa. Wateja watajuaje unauza nini? Lakini ukiichukua nembo yenyewe na rangi zake ukaipandisha juu ya mlango, kubwa kuliko jina la duka lako, mpita njia akaamini wewe ndiye wakala wa kiwanda, hapo umetoka kwenye kutaja na umeingia kwenye kujivika. Na video si nembo wala si jina. Ni kazi ya mtu aliyeshika kamera, yaani hakimiliki. Mwenye uzi, hakuna aliyekushitaki kwa kutaja pampu. Walilalamikia filamu.

Ndipo ninapouona ugonjwa wa ujumbe wako. Waomba vitu vitatu kana kwamba ni kimoja: mafaili, ruhusa ya kuionyesha filamu, na ruhusa ya kutumia nembo. Vitatu hivyo vyaweza kuwa na wenyewe watatu. Anayeshika simu ya kwenye katoni ni kijana wa mauzo. Ukimwambia "video zote" na "jina lenu kwa matangazo", bila kusema tangazo gani, wapi, kwa muda gani, hana la kumpelekea mkubwa wake. Kukunyamazia ndiyo njia iliyo salama kwake.

Kabla hujaandika neno lingine, nitazamie kibati kilichobandikwa kwenye mwili wa pampu kimeandikwa nini. Na wewe wanunua kwa nani, kiwandani moja kwa moja?

Mama_Leso

Mwanangu mimi nakwambia usitangaze jina la Mchina hata kidogo, tia jina lako mwenyewe. Mimi niko Biashara Street na leso. Mwaka juzi nilichoresha mji na pindo kwa pesa zangu, jina nikalitunga mwenyewe usiku. Mwezi haukwisha nikaiona leso yangu yauzwa mlango wa tatu kwa bei ya chini, hata jina hawakuligusa, kosa langu la tahajia nalo wamelichapa vile vile. Hiyo ruhusa nani aliniomba mimi?

Bi_Karani

Mama yangu, pole. Lako ni kubwa kuliko la huyu, ila ni safari nyingine: wewe ndiye uliyeibiwa, yeye anaomba asije akaitwa mwizi. Lifungulie uzi wake, na uje na ile karatasi ya mchoro wa kwanza na risiti ya kiwanda cha kuchapa zenye tarehe. Hizo ndizo zitakazosema ni nani aliyetangulia.

Mama_Leso

Karatasi ninayo. Kosa la tahajia pia ni ushahidi au si ushahidi?

Bi_Karani

Ni ushahidi mtamu sana.

Pampu_MwembeTayari

Bi Karani, nimekwenda stoo na tochi. Kibati kina jina la chapa kwa herufi kubwa, chini yake jina la kampuni ya Wenling, Zhejiang. Hakuna jina jingine. Mimi sinunui kwao. Nanunua Nairobi, kwa muagizaji aliye Industrial Area. Ankara zake ninazo zote tangu 2021.

Bi_Karani

Vizuri. Wenling, iliyo chini ya Taizhou, ni mji wa pampu kama vile Kisii ilivyo ya mawe ya sabuni. Viwanda vingi vya kule hutengeneza kwa majina ya watu wengine. Kampuni ya Dubai au ya Lagos hutuma jina, kiwanda kikabandika. Kibati chako chaonyesha kwamba jina huenda ni lao wenyewe, na hiyo ni dalili njema. Lakini si jawabu, kwa sababu alama ya biashara haina pasipoti. Imesajiliwa China, nguvu yake iko China. Hapa Kenya mwenye nayo ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la hapa.

Kwa hiyo tazama sehemu mbili. Ya kwanza ni bure, uko nayo mkononi: branddb.wipo.int. Andika jina la chapa, tazama kama kuna usajili wa kimataifa uliotaja Kenya. Sisi tumo katika Itifaki ya Madrid ya usajili huo tangu 1998, na Wachina huipenda njia hiyo. Ya pili ni kuomba upekuzi rasmi KIPI, ofisi inayosajili alama hapa Kenya, kwa daraja la 7, ndilo la mashine na pampu. Hiyo ina ada yake, lipa. Ni ndogo kuliko tangazo lililotolewa.

Kamera_Nyali

Nami niingie, maana hizi video ndizo chakula changu. Nakata matangazo ya maduka ya hapa, na nusu ya kazi yangu ni kufuta maandishi ya Kichina.

Usiombe "video". Ukiomba video watakutumia ile ile iliyo kwenye ukurasa wao, imeshakatwa, ina muziki, ina bei za Kichina zinazoruka pembeni. Omba vipande kabla ya kuhaririwa: bila maandishi juu, bila muziki, bila sauti ya msemaji. Na vitaje kwa macho. Pampu yashushwa kwa kamba, maji yatoka mdomo wa bomba, mkono waunga waya, kisanduku cha kuwashia, kibati kwa karibu. Vipande vitano vya sekunde kumi kumi vyatosha tangazo la sekunde 30 na vyabaki. Ukubwa 1920 kwa 1080 au zaidi, faili la asili.

Neno "faili la asili" lina sababu. Dakika moja ya video nzuri, ya megabiti 50 kwa sekunde, ni kama megabaiti 375. Akikutumia kwa WhatsApp au WeChat kama video ya kawaida, programu itaikamua hadi maji yawe vipande vya mraba. Kwenye simu hutaona. Kwenye televisheni ya sebuleni utaona aibu.

Halafu jambo ambalo hakuna anayelifikiria: yeye atakutumiaje? Google Drive China imefungwa. Yeye atakutolea kiungo cha Baidu, na kule kukifungua wataka akaunti yenye namba ya simu ya China. Nimewahi kuona video iliyokubaliwa ikakaa miezi miwili kwa sababu hiyo tu. Kwenye ujumbe wako taja njia ya kutuma inayofunguka pande zote mbili, na mwambie utaipakua siku hiyo hiyo, maana viungo hivyo huoza.

Nembo nayo usiikate kwenye picha ya katoni. Omba faili la mistari, la SVG, EPS au PDF. Mchoraji wa ubao akipewa picha ndogo ya PNG akaivuta mita tatu, herufi zitakuwa na meno.

Mzee_wa_Feri

Haya yote kwa pampu?

Kamera_Nyali

Kwa ubao wa mita tatu, mzee.

Fundi_Visima_Kisauni

Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mimi ndiye ninayezipandisha hizo pampu zikishakufa. Visima vya Kisauni, Bamburi na Likoni maji yake yana chumvi, wenyeji mwajua. Kiwanda kina pampu mbili zinazofanana kama mapacha: moja ni stenlesi 304, ya pili ni 316. Ile 316 imetiwa molibdeni ndani na chumvi haiili upesi. Ile 304 kwenye maji ya chumvi hutoboka vijishimo vidogo vidogo, hasa kwenye mishono na chini ya skrubu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kwa sumaku pia huwezi. Soma kibati.

Video nzuri za kiwanda kwa kawaida hupigwa kwa ile ya ghali. Duka lako lauza ipi?

Pampu_MwembeTayari

304. Nyingi. 316 huletwa kwa oda.

Fundi_Visima_Kisauni

Basi ukipata video ya 316 ukaiweka juu ya bei ya 304, hata ruhusa yao uwe umeiweka kwenye fremu ukutani, umemdanganya mtu wa Bamburi. Mwezi wa nane ataniita mimi niipandishe, matusi nile mimi.

Bi_Karani

Fundi amenipokonya neno mdomoni. Ruhusa ya kiwanda yakukinga na kiwanda. Haikukingi na mnunuzi. Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 zote zakataza kusema bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo, na picha nayo husema. Kwa hiyo ujumbe utaje namba ya modeli iliyo kwenye kibati, na uombe vipande vya modeli hiyo hiyo. Kama hawana, wakwambie hivyo, upige mwenyewe hapa.

Pampu_MwembeTayari

Nimerudi baada ya siku tisa. Kwenye WIPO sikuona kitu kilichotaja Kenya. KIPI wamenijibu: alama imo, daraja la 7, bado hai. Mwenye nayo si Wenling. Ni muagizaji wangu wa Nairobi! Ameisajili kwa jina la kampuni yake mwenyewe.

Nimekaa nimeshika kichwa. Wakati wote namlilia Mchina kitu ambacho mwenyewe nakunywa naye chai kila robo mwaka.

Mzee_wa_Feri

Subiri. Kiwanda kimezaa jina, mtu wa Industrial Area amelisajili, sasa jina si la kiwanda? Hii ni dhuluma.

Bi_Karani

Yaweza kuwa dhuluma, yaweza kuwa makubaliano. Viwanda vingine humwambia wakala mwenyewe, "sajili kwa jina lako, sisi hatutaki gharama." Vingine huja kugundua miaka sita baadaye. Mkataba wa Paris una kifungu kinachomhusu wakala anayesajili alama ya bosi wake bila idhini, na bosi aweza kupinga. Lakini huo ni ugomvi wao. Mwenye duka la Mwembe Tayari asiingie katikati ya ndovu wawili. Kwa leo daftari lasema ni ya Nairobi, basi ruhusa ya nembo yatoka Nairobi. Hata kiwanda kikikupa barua yenye muhuri mwekundu wa kampuni, kwa nembo hapa Kenya barua hiyo peke yake haikutoshi.

Video je? Video ni yao, maana wao ndio walioipiga, au walilipa mtu aipige. Hiyo yaombwe Wenling.

Na adabu: mwambie muagizaji kwanza, kwa simu, kabla hujaandika China. Akisikia kutoka kwa Wachina kwamba mteja wake wa Mombasa anawaandikia, atajua unatafuta kontena lako mwenyewe. Utapoteza bei yako ya jumla kwa ajili ya tangazo.

Pampu_MwembeTayari

Hilo la mwisho limeniingia. Nimempigia. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Waandika China kwa nini?" Nikamweleza video, akacheka. Amesema nimwandikie la nembo kwa barua, na la video niwaandikie na yeye nimweke kwenye nakala. Hebu nisaidieni maneno.

Bi_Karani

Nimekaa nalo usiku, Kamera amenisahihishia mambo ya mafaili. Huu ni wa Wenling. Uende kwa baruapepe ya kampuni. Ukishautuma, kijana wa WhatsApp umwambie tu kwamba baruapepe imekuja. Utume saa tatu au saa nne asubuhi yetu, kwao ni alasiri ofisi iko wazi. Ukituma saa kumi zako, kwao ni saa tatu usiku.

> Mada: Ombi la vipande vya video vya modeli [namba ya kibati] kwa tangazo la Mombasa, Kenya, miezi 12
>
> Kwa mkuu wa masoko,
>
> Tuna duka la pampu Mwembe Tayari, Mombasa. Tumeuza pampu zenu tangu 2021, tukizinunua kwa muagizaji wenu wa Nairobi, ambaye yumo kwenye nakala ya ujumbe huu. Tumeambatisha ankara yake ya mwisho na picha ya duka letu.
>
> Mwezi uliopita tulitumia video yenu mtandaoni bila kuomba ruhusa, nayo ikatolewa. Kosa lilikuwa letu na hatutalirudia.
>
> Tunatayarisha tangazo moja la sekunde 30 kwa Kiswahili. Litaonyeshwa kwenye kituo kimoja cha televisheni cha pwani ya Kenya, kwenye kurasa za duka letu mtandaoni, na kwenye skrini iliyo ndani ya duka, kwa miezi 12 tangu siku litakapoanza. Hatutalipeleka mahali pengine bila kuwaomba tena.
>
> Tunaomba vipande vitano vya modeli iliyotajwa kwenye mada, si vya modeli nyingine: pampu ikishushwa kisimani, maji yakitoka, waya zikiungwa, kisanduku cha kuwashia, na kibati kwa karibu. Tunaomba faili za asili, 1920 kwa 1080 au zaidi, bila maandishi, muziki wala sauti. Kama vipande vya modeli hiyo hamna, tafadhali tuambieni, tutapiga vyetu.
>
> Tutakata vipande, tutatia sauti ya Kiswahili, na mwishoni tutaweka jina na simu ya duka letu. Hatutabadilisha rangi ya pampu, hatutasema sifa isiyo kwenye karatasi yenu ya vipimo, na hatutajiita wakala wenu. Tutawatumia tangazo lililokamilika pamoja na tafsiri siku 7 kabla ya kuonyeshwa, ili mlikubali au mtuambie la kurekebisha.
>
> Tafadhali tujibuni mambo mawili kwa maandishi. Je, mnaturuhusu kutumia vipande hivyo kwa namna tuliyoitaja? Na je, watu wanaoonekana ndani yake walikubali kuonyeshwa nje ya China? Kama hawakukubali, tupeni vipande visivyo na sura za watu.
>
> Ruhusa ya nembo tunaiomba kwa mwenye usajili wa Kenya, kwa barua nyingine.

Mzee_wa_Feri

Kwa nini kujitia kitanzi? Kosa la mwezi uliopita ulitaje la nini?

Bi_Karani

Kwa sababu wao ndio waliolalamika, mzee. Jina la duka limo kwenye malalamiko yao. Wakilikuta wenyewe baada ya kusoma maneno matamu, faili litafungwa.

Nyongeza kuhusu "kwa maandishi". Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 haidai karatasi kwa ruhusa ya kawaida, ile isiyokupa wewe peke yako haki ya kutumia. Hata ya mdomo yaweza kuwa ruhusa. Ila ruhusa ya bure namna hiyo yaweza kufutwa wakati wowote, na mtandao ukikuuliza utawaonyesha mdomo wa nani? Jibu la baruapepe linalosema "ndiyo" chini ya ujumbe uliotaja kila kitu latosha kwa kazi hii. Ndiyo maana ujumbe ni mrefu: ukikubaliwa, wenyewe ndio mkataba.

Kamera_Nyali

Hilo swali la watu wa kwenye video msilipite haraka. Mwaka jana mteja wangu mmoja, si wa pampu, alipewa video na kiwanda kwa moyo mweupe. Mwezi wa tatu kiwanda kikaandika: toeni, yule dada anayetabasamu alilipwa kwa mwaka mmoja na kwa China tu. Hawakuwa wabaya. Hata wao walikuwa wamesahau. Muziki nao vivyo hivyo, kiwanda hulipia wimbo kwa mtandao wa kwao, hakiwezi kukupa wewe uupeleke televisheni ya Kenya. Ndiyo maana tunachukua bila sauti.

Binti_Tudor

Samahani kuingilia. Na mimi nataka kutangaza mafuta ya nywele, lakini yangu naletewa na shangazi kutoka Dubai kwa masanduku, hana muagizaji. Naandika huo huo ujumbe?

Bi_Karani

Mpenzi, wewe kwanza tafuta kama kuna mwenye alama hiyo hapa. Akiwepo, ujumbe wako utakuwa unamjulisha kwamba waingiza mali pembeni yake. Watu wa sheria wenyewe hawajakubaliana kama mali halisi iliyopita njia ya pembeni ni kosa au si kosa. Njoo na jina la chapa na matokeo ya upekuzi ndipo tuseme.

Pampu_MwembeTayari

Wakuu, majibu. Uliondoka Jumanne asubuhi, Ijumaa wakajibu! Si kijana wa mauzo, ni mama wa idara ya masoko. Nafupisha.

Amekubali miezi 12, televisheni moja, kurasa zetu na skrini ya duka. Vipande wametuma vinne. Cha kuunga waya wamekizuia kwa sababu fundi aliyemo aonekana uso, na hawana karatasi yake. Cha kibati wametuma, na hapo ndipo Fundi wa Kisauni atacheka: kibati kwenye video ni cha 316. Vile vitatu vingine ni vya 304, amesema hivyo mwenyewe, kila kipande amekitaja.

Ameongeza sharti moja nisilolitegemea. Hataki tangazo lenye neno "haishiki kutu" wala "maji ya chumvi" kwa modeli ya 304, kwa lugha yoyote.

Fundi_Visima_Kisauni

Mpeni huyo mama salamu zangu. Kibati piga mwenyewe hapo dukani, simu nzuri na taa ya dirishani yatosha, sekunde nne.

Kamera_Nyali

Na kabla hujakata, tazama vipande vimepigwa kwa fremu ngapi kwa sekunde. Televisheni yetu ni 25. Vikiwa 30 niletee mimi nivigeuze, usimwachie mpwa, maji yatakuwa yanarukaruka kama yana kwikwi. Pia muulize mtu wa kituo kuhusu idhini ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ni ya nani kuiombea, wewe au wao. Uliza kabla ya kulipa.

Pampu_MwembeTayari

Ni 30. Nakuja Nyali Jumamosi.

Mzee_wa_Feri

Na nembo? Muagizaji amesemaje?

Pampu_MwembeTayari

Nimempelekea barua ya ukurasa mmoja: nembo kwenye sekunde tatu za mwisho za tangazo, na kwenye ubao wa duka, robo ya upana wa ubao, chini ya jina langu, pamoja na maneno "tunauza pampu za". La tangazo amekubali kwa sahihi na muhuri. La ubao amesema atanijibu. Ana muuzaji mwingine Changamwe aliyemuahidi kuwa yeye peke yake Mombasa, na hajui kama alimuahidi kwa maandishi au kwa chai.

Bi_Karani

Muulize kama ni kwa maandishi. Na ubao usichore bado.

Pampu_MwembeTayari

Mchoraji ameshaanza. Nimemwambia aandike jina la duka, nafasi ya chini aiache nyeupe.